Picha za bidhaa kutoka simuni hadi tovutini: kukata, kupunguza na kuyapanga majina ya faili

Ukurasa wa bidhaa uliopakiwa kwa haraka hujitambulisha hata kabla hujasoma bei. Mkoba mmoja umejaa fremu mpaka kishikio kimekatika, wa pili uko mbali katikati kama kitone, wa tatu umelala ubavu. Kila picha ukiitazama peke yake huenda ikawa nzuri tu; zikikaa safu moja ndipo zinagombana. Simu haina lawama hapo. Kilichorukwa ni kazi ya baada ya kupiga, na ndiyo tutakayoifanya hapa kwa kumfuata mkoba mmoja wa ngozi wa kahawia, wenye kishikio kirefu na bizimu ya shaba mbele, tangu ulipotoka kwenye kamera hadi ulipokaa kwenye ukurasa.

Utaratibu wenyewe ni huu, na usiupindue: nyoosha, kata, punguza, hifadhi, kisha panga jina. Wengi huanza kwa kupunguza, kwa sababu faili ni kubwa na wanataka kuondokana na uzito. Tazama kinachotokea. Picha yenye upana wa pikseli 3024 ukiipunguza hadi 1600, halafu ukaikata ubaki na asilimia 60 ya upana, unabaki na pikseli 960. Ungekata kwanza ungekuwa na zaidi ya 1800, na bado ungepunguza ukafika 1600 kamili. Hizo pikseli ulizozitupa mwanzoni hazirudi tena. Programu ikizikuza inakisia tu, na mshono wa mkoba unageuka kuwa mstari wa ukungu.

Picha asili haiguswi

Tengeneza folda tatu kabla ya lolote: `asili`, `kata` na `wavuti`. Ya kwanza ni ya picha kama zilivyotoka kwenye simu, na humo hufungui kitu ukakihifadhi juu ya kingine. JPEG hupunguza uzito kwa kutupa sehemu ya taarifa za picha, na kila ukiifungua, ukaibadilisha na kuihifadhi upya, hutupa nyingine. Mara moja huoni tofauti. Mara ya tano utaona madoadoa yakizunguka bizimu kama vumbi.

Njia ya kuzihamisha picha kutoka simuni nayo ina maana. Waya wa simu ni salama, na hifadhi ya mtandaoni ni salama pia ikiwa umeiagiza itunze ubora wa asili. Usizitume kama picha za kawaida kwenye programu za kutumiana ujumbe, kwa sababu programu hizo huzipunguza ili zisafiri upesi. Ukilazimika kupita huko, tuma kama faili. Namna ya kujua kama picha imeshapunguzwa ni kutazama ukubwa wake: simu ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4032 kwa 3024, yenye uzito wa megabaiti mbili hadi tano hivi. Ukikuta 1600 kwa 1200 na uzito wa kilobaiti mia mbili, hiyo si asili, rudi simuni ukaichukue yenyewe.

Ukiona faili zinaishia na `.heic`, simu yako inahifadhi kwa muundo ambao vivinjari vingi haviufungui. Kwenye iPhone unabadilisha ndani ya `Settings`, `Camera`, `Formats`, kisha `Most Compatible`, na kuanzia hapo picha mpya zitakuwa JPEG. Zile za zamani uzigeuze kwa programu ya kuhariri. Kubadilisha mkia wa jina kutoka `.heic` kuwa `.jpg` hakugeuzi kitu. Ni sawa na kubandika lebo ya sukari kwenye kopo la chumvi.

Jambo moja la wakati wa kupiga nitalisema kwa sababu ndilo linaloamua kama kukata kutawezekana: acha nafasi. Simama ili mkoba ushike kama nusu ya fremu au zaidi kidogo, pande zote zikiwa wazi, na utumie lenzi ya kawaida ya 1x. Ukiisogeza simu karibu mno, sehemu iliyo mbele inavimba na mkoba unaonekana una kitambi. Ukivuta kwa vidole, mara nyingi simu inakata picha tu na kuikuza kwa niaba yako, na inaikata vibaya kuliko utakavyoikata wewe.

Kukata

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko hatua nyingine zote.

Kwanza nyoosha. Tafuta mstari ambao mtazamaji anaujua kuwa umenyooka: ukingo wa meza, kitako cha mkoba, zipu ya mbele. Zungusha picha mpaka mstari huo ulale sawa. Kupinda kwa digrii mbili huwezi kukugundua kwenye picha moja, lakini weka mikoba minne safu moja na jicho litasumbuka bila kujua linasumbuliwa na nini. Kila ukizungusha, pembe za picha zinaliwa. Ndiyo sababu nyingine ya kuacha nafasi.

Kisha chagua umbo moja kwa bidhaa zote. Mimi hutumia mraba, uwiano wa 1:1, kwa sababu mkoba mrefu na pochi pana vyote vinakaa humo bila kulalamika, na safu za ukurasa hazipandi na kushuka. Nguo ndefu zinaweza kudai 4:5. Chagua unalotaka, ila likishachaguliwa lisibadilike katikati ya duka.

Kinacholeta ufanano hasa ni sehemu ya fremu inayoshikwa na bidhaa, zaidi hata ya umbo la fremu. Kanuni yangu ni asilimia 85: upande mrefu wa bidhaa, uwe urefu au upana, uchukue asilimia 85 ya upande wa mraba. Inayobaki, asilimia 15, inagawanyika mara mbili, kwa hiyo kila upande unapata pengo la asilimia 7.5. Kwenye picha ya mwisho ya pikseli 1600 pengo hilo ni pikseli 120. Huhitaji kulikadiria kwa macho, kwa maana hesabu yake ni fupi.

Tuchukue mkoba wetu. Picha ilipigwa simu ikiwa wima, kwa hiyo ni pikseli 3024 kwa upana na 4032 kwa urefu. Ninaifungua kwenye GIMP, ambayo ni ya bure, nachukua kifaa cha kukatia na kuchora kisanduku kinachogusa mkoba pande zote, juu kikigusa kilele cha kishikio na chini kikigusa kitako. Bado sikati. Nasoma namba tu kwenye paneli ya kifaa: kisanduku kinaanza pikseli 560 kutoka kushoto na 930 kutoka juu, upana wake ni 1900, urefu 2150.

Upande mrefu ni urefu, 2150. Nagawanya kwa 0.85, napata 2529 na ushei, naiita 2530. Huo ndio mraba wangu. Kuupata mahali pake natafuta katikati ya mkoba: kwa upana ni 560 kujumlisha nusu ya 1900, yaani 1510, kwa urefu ni 930 kujumlisha nusu ya 2150, yaani 2005. Nusu ya mraba ni 1265. Natoa: 1510 kutoa 1265 ni 245, na 2005 kutoa 1265 ni 740. Basi naandika kwenye paneli mahali pa kuanzia 245 na 740, ukubwa 2530 kwa 2530, nabonyeza, mkoba unakaa katikati. Kabla ya kubonyeza nahakikisha mraba hautoki nje ya picha: 245 na 2530 ni 2775, ndani ya 3024, 740 na 2530 ni 3270, ndani ya 4032. Uko salama.

Ukishafanya mara tatu nne mkono unazoea, na bidhaa moja haikuchukui hata dakika mbili. Ukifanyia kazi kwenye simu yenyewe, ambako programu nyingi hazionyeshi pikseli, chagua 1:1 na utumie jicho kwa pengo, lakini fungua picha ya bidhaa iliyotangulia kila mara uilinganishe. Bila kulinganisha, pengo huzidi kupungua kadiri unavyochoka. Nimeliona hilo kwenye kazi zangu mwenyewe, bidhaa ya kwanza ikipumua vizuri na ya thelathini ikiwa imebanwa ukutani.

Sasa pochi. Kwenye picha yake, iliyopigwa mahali palepale, imeshika pikseli 1200 tu kwa upana. Gawanya kwa 0.85, unapata mraba wa 1412. Huu ni mdogo kuliko 1600 ninazohitaji, maana yake picha itabidi ikuzwe. Dawa yake ni kurudi na kupiga upya nikiwa karibu zaidi, na kama haiwezekani, naiacha pochi iwe na picha ya 1412. Ukungu wa kukuza unaonekana zaidi ya upungufu wa pikseli mia mbili. Kwa hiyo kabla hujafungua meza na kuondoa taa, fanya hesabu ya bidhaa ndogo kuliko zote. Ikitosha hiyo, zote zimetosha.

Kanuni hii ina kasoro moja: pochi na mkoba vitaonekana vina ukubwa sawa, kwa sababu vyote vimejaza asilimia 85. Usijaribu kuirekebisha kwa kuifanya pochi iwe ndogo ndani ya fremu. Ongeza picha nyingine ya pochi ikiwa mkononi, na uandike vipimo kwa sentimita kwenye maelezo.

Mambo mawili ya kuangalia kabla ya kuhifadhi. Kivuli: kama mkoba una kivuli laini upande wa kulia, kisanduku cha kupimia ni cha mkoba peke yake, lakini mraba wa mwisho usikikate kivuli katikati, maana kivuli kilichokatwa huonekana kama doa. Mara nyingi yale mapengo ya pembeni yanakitosha. La pili ni picha za karibu, zile za mshono na bizimu. Hizo hazifuati asilimia 85. Kata kwa ujasiri ili bizimu ijaze fremu na ngozi iendelee mpaka nje ya kingo zote nne. Picha ya karibu yenye kipande cha ukingo na kipande cha meza haijui inaonyesha nini.

Matokeo nayahifadhi kwenye folda ya `kata` kwa ubora wa juu, 95 hivi, bila kujali uzito. Hii bado ni malighafi.

Kupunguza na kuhifadhi

Mraba wa 2530 sasa unashushwa hadi 1600. Kwa nini 1600? Simu nyingi hupima upana wa skrini kama vizio 360 hadi 430 hivi, lakini kila kizio hubeba pikseli halisi mbili au tatu. Picha inayojaza upana wa skrini kama hiyo inakula pikseli 1200 hivi. Za ziada ni za mteja anayepanua kwa vidole ili auone mshono, na kwenye bidhaa za ngozi wateja wanapanua kweli. Zaidi ya hapo unalipia uzito usioonekana.

Kwa ukurasa wa orodha, ambako bidhaa ziko mbili mbili kwenye safu, picha ya 600 inatosha. Hesabu inayonifanya nisipuuze picha ndogo ni hii: bidhaa 24 zenye picha za moja kwa moja kutoka simuni, megabaiti nne kila moja, ni megabaiti 96 kwa ukurasa mmoja. Zikiwa za 600, na kila moja ina kilobaiti 50, ukurasa mzima ni megabaiti moja na kidogo. Mteja mwenye bando ataiona tofauti hiyo kwenye salio lake.

Lakini kabla hujatengeneza ukubwa wa pili, jua kama mfumo wa tovuti yako unautengeneza wenyewe. WordPress kwa mfano hutoa nakala ndogo kadhaa kwa kila picha unayopakia, na tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019 hupunguza pia picha inayozidi pikseli 2560 na kuitilia `-scaled` mwisho wa jina. Kwa mfumo kama huo pakia ya 1600 peke yake. Ukipakia na za 600 ulizotengeneza, utajaza maktaba nakala mbili mbili na siku moja utaweka ndogo mahali pa kubwa.

Ubora wa JPEG weka 80 hadi 85. Mkoba kwenye mandharinyuma meupe kwa ukubwa wa 1600 hutoka na kilobaiti 150 hadi 300 kwa kawaida. Ukipata 700, pengine mandharinyuma yako si meupe kama unavyofikiri. Yana chenga za mwanga hafifu, na chenga ni taarifa ambazo faili inalazimika kuzibeba. Ukishuka chini ya 70 anza kutazama sehemu zinazoumia mwanzo: kingo kali juu ya mandharinyuma tulivu, maandishi ya lebo, na rangi nyekundu. Uzi mwekundu juu ya ngozi nyeusi hupoteza makali mapema kuliko kitu kingine chochote kwenye picha. Kama uzi huo bado unasomeka, sehemu nyingine hazina neno.

PNG iache kwa nembo na michoro. Picha ya mkoba ikihifadhiwa kwa PNG huwa na uzito mara kadhaa ya JPEG, na jicho halipati faida. WebP ni nzuri na nyepesi kidogo, na mifumo mingi huigeuza yenyewe. Kama wako haugeuzi, JPEG bado haijakosea mahali popote.

Zikiwa picha nyingi, sikai kuzifungua moja moja. Kwenye kompyuta yenye programu za ImageMagick na ExifTool, mistari miwili ya amri inamaliza folda nzima:

```
magick mogrify -path wavuti -auto-orient -resize "1600x1600>" -quality 82 kata/*.jpg
exiftool -gps:all= -overwrite_original wavuti/*.jpg
```

Folda ya `wavuti` lazima iwepo tayari. Alama ya `>` baada ya 1600 inasema "punguza tu, usikuze", ndiyo inayoilinda pochi yetu ya 1412, na zile alama za kunukuu usiziondoe. Bila hizo kompyuta itaielewa `>` kwa maana nyingine kabisa. `-auto-orient` inashughulika na mkoba uliolala ubavu. Simu mara nyingi huhifadhi picha ikiwa imelala na kuambatanisha taarifa kwamba "ukinionyesha, nizungushe". Programu inayoisoma taarifa hiyo inaonyesha sawa, isiyoisoma inakuonyesha mkoba umelala. Amri hii inaizungusha picha yenyewe na kulimaliza jambo.

Mstari wa pili unafuta mahali picha ilipopigiwa. Kama kamera ya simu imeruhusiwa kujua mahali ulipo, kila picha inabeba majira ya nukta, na kwa wanaopigia picha sebuleni maana yake ni kutangaza nyumba yao pamoja na mkoba. Ungeweza kutumia `-strip` ya ImageMagick ikafagia kila kitu kwa mpigo, lakini hiyo hufuta pia maelezo ya rangi. Simu zinazopiga kwa wigo mpana wa rangi, iPhone zikiwemo, zinahitaji maelezo hayo yabaki. Yakifutwa, kahawia iliyokolea inapauka na mteja atasema mkoba uliofika si wa rangi aliyoiona.

Majina

Simu imeuita mkoba wetu `IMG_4471.JPG`. Jina hilo halimwambii mtu chochote, na siku simu ikianza kuhesabu upya, utakuwa na `IMG_4471.JPG` mbili za vitu viwili tofauti.

Jina ninalolitoa ni hili:

```
mk014-mkoba-ngozi-kahawia-01-mbele.jpg
```

Mwanzo ni namba ya bidhaa kama ilivyo kwenye orodha ya stoo, ili picha zote za mkoba huo zikae pamoja zikipangwa. Kisha ni bidhaa yenyewe kwa maneno ambayo mtu angeyatumia akiitafuta. Rangi ina nafasi yake, kwa kuwa mkoba uleule mweusi utakuwa `mk015-mkoba-ngozi-nyeusi` na hautachanganyika. Kisha mfuatano, kisha upande unaoonekana: `mbele`, `nyuma`, `ndani`, `bizimu`, `mkononi`. Mfuatano una tarakimu mbili kwa sababu seva na programu nyingi hupanga herufi kwa herufi, na bila sifuri ya mbele picha ya 10 inakaa kabla ya picha ya 2.

Kuna vitu sivitii kwenye jina. Bei inabadilika. "Mpya" inazeeka. Ukubwa wa pikseli kama `-300x300` mwishoni ni mtindo ambao mifumo yenyewe hutumia kwa nakala zake, na ukiuiga unaweza kugongana nayo. Na "mwisho", kama ile `mkoba-mwisho-kabisa2.jpg` ambayo kila mmoja wetu anayo mahali fulani, tuiache kwenye folda ya `kata`.

Sasa herufi. Tumia ndogo tupu, tarakimu na kistari kifupi kati ya maneno. Nafasi hugeuka `%20` kwenye anwani na kuifanya isisomeke. Mstari wa chini, `_`, haivunji kitu, lakini Google wenyewe wanashauri kistari, kwa kuwa ndicho kinachowatenganishia maneno.

Kiswahili hakina herufi zenye vitone na mikwaruzo juu, kwa hiyo tumepona shida inayowasumbua wengine, isipokuwa mahali pamoja: ng'. Ukiandika `ngozi-ya-ng'ombe` kwa kibodi ya simu, mara nyingi simu inaweka ile alama iliyopinda, na kwenye anwani inatoka hivi:

```
ngozi-ya-ng%E2%80%99ombe.jpg
```

Andika `ngombe`. Tahajia sahihi iweke kwenye maelezo ya picha, yale ya `alt`, ambako unaandika kama unavyomwelezea mtu asiyeiona: "Mkoba wa ngozi ya ng'ombe, kahawia, mbele, wenye bizimu ya shaba". Hapo Kiswahili fasaha kina nafasi yake na hakimsumbui mtu.

Herufi kubwa na ndogo ndizo zilizonipotezea usiku mzima. Niliandaa ukurasa wa bidhaa arobaini kwenye kompyuta yangu ya Windows, kila kitu kikaonekana. Nilipopandisha kwenye seva, karibu nusu ya picha zikawa visanduku vitupu. Nilikagua folda, faili zote zilikuwepo. Nikapakia upya, vilevile. Kulipokucha ndipo nilipoona kwamba picha zilizopotea zote zilitoka simu moja, iliyokuwa inahifadhi kwa `.JPG`, na kwenye ukurasa nilikuwa nimeandika `.jpg`. Windows haijali tofauti hiyo. Seva nyingi zinatumia Linux, na kwa Linux `mbele.JPG` na `mbele.jpg` ni faili mbili zisizojuana. Tangu hapo kila kitu ni herufi ndogo, mkia ukiwemo, na naugeuza mkia kabla sijaandika jina lingine lolote.

Jina likishapanda tovutini, usilibadilishe. Kila mahali palipolitaja patabaki na kisanduku kitupu, pamoja na matokeo ya utafutaji wa picha yaliyokwisha kulishika.

Ukaguzi kwenye simu

Baada ya kupakia, fungua ukurasa kwenye simu, kwa bando na si waifai ya ofisini, kisha upitishe macho kwenye orodha upesi kama mteja. Ikiwa kuna picha inayokushtua kwa ukubwa au udogo, kipimo chake cha asilimia 85 kilikosewa. Rudi kwenye folda ya `kata`. Zikiwa zote zinaonekana zimevutwa marefu au zimebonyea, kosa haliko kwenye picha. Ukurasa unazilazimisha kwenye umbo lisilo lao, na hilo linarekebishwa kwenye tovuti.

Fungua bidhaa moja uipanue kwa vidole. Bizimu ikibaki na makali, 1600 ndiyo iliyopanda. Ikigeuka ukungu papo hapo, kuna uwezekano mfumo unakuonyesha nakala ndogo. Kwenye kompyuta ifungue picha peke yake kwenye kichupo kipya. Vivinjari vingi huandika vipimo vyake pale juu kwenye kichwa cha kichupo, na utajua bila kukisia.

Ukigundua kosa na kulirekebisha, utajaribiwa kupakia picha mpya kwa jina lilelile. Ukifanya hivyo, wewe na wateja waliokwisha kuutembelea ukurasa mnaweza kuendelea kuona ile ya zamani kwa siku kadhaa, kwa sababu vivinjari vimeshaihifadhi na havioni sababu ya kuiomba tena. Hapa, na hapa tu, jina linabadilika: `mk014-mkoba-ngozi-kahawia-01-mbele-b.jpg`, ukurasa unaelekezwa kwenye hilo jipya, na la zamani unaliacha kwenye seva mpaka uhakikishe hakuna ukurasa mwingine unaoliita.